Manukuu Yanapoachana na Msemaji: Kupakia Faili na Kurekebisha Muda Wake

Manukuu ya video hukaa kwenye faili yake peke yake, mbali na picha na sauti. Faili hiyo haimjui anayesema wala haisikii anachosema. Kilichomo ni maneno na nyakati za kuyaonyesha. Mtazamaji akiwasha manukuu, kicheza video huisoma faili, huangalia video imefika dakika ya ngapi, kisha huonyesha kipande ambacho wakati wake umewadia. Kwa hiyo maneno yakimtangulia msemaji au yakimfuata kwa nyuma, mara nyingi kosa ni la hesabu ya muda. Hesabu hiyo hupimika, na inaweza kusahihishwa bila kuandika upya hata neno moja.

Faili yenyewe

Aina ya faili inayotumika zaidi ni ile ambayo jina lake huishia na .srt. Jina hilo limetokana na SubRip, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kunakili manukuu kutoka kwenye DVD. Ndani yake mna maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, yanayofunguka hata kwa Notepad. Kila kipande kina namba yake, mstari wa muda na maneno yanayosomwa, kisha mstari mtupu unaokitenganisha na kinachofuata:

```
4
00:01:12,000 --> 00:01:15,400
Tulitoka Bagamoyo alfajiri,
upepo ukiwa wa kusi.

5
00:01:15,800 --> 00:01:18,900
Nahodha alikuwa mzee wangu.
```

Mstari wa muda huanza na saa, dakika na sekunde zilizopita tangu video ianze, halafu mkato, halafu tarakimu tatu za sehemu za elfu za sekunde. Kipande cha nne hapo juu huonekana video ikifika dakika 1 na sekunde 12, na huondoka baada ya sekunde tatu na ushei.

Muundo huu ni mwepesi, lakini hauvumilii kosa. Anayeuandika kwa programu kama Word huweza kukuta mshale wa vistari umegeuzwa kuwa alama moja ya mshale, na kipande hicho kisisomeke tena. Nukta ikikaa mahali pa mkato kabla ya tarakimu tatu za mwisho, au mstari mtupu ukisahaulika kati ya vipande viwili, baadhi ya programu hukataa faili na nyingine huunganisha vipande hivyo kuwa kimoja. Maandishi ya Kiswahili yana mtego mwingine mdogo: king'ong'o. Ikiwa alama iliyo katika neno kama ng'ombe ni ile iliyopinda, na faili ikahifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows badala ya UTF-8, mtazamaji ataona almasi nyeusi yenye kiulizo katikati ya neno. Wakati wa kuhifadhi, basi, huchaguliwa UTF-8. Jina pia hukaguliwa, kwa sababu Notepad huweza kuongeza .txt mwishoni na faili ikaitwa manukuu.srt.txt bila mwenyewe kutambua.

Kuipakia

Kwenye YouTube, kazi hii hufanyika katika YouTube Studio, na ni rahisi zaidi kwa kompyuta kuliko kwa simu. Mwenye video huichagua video yake, hufungua sehemu ya manukuu, huongeza lugha, kisha hubofya Upload file. Hapo huulizwa swali moja: With timing au Without timing. Faili ya .srt ina nyakati zake, hivyo jibu ni With timing. Baada ya Continue, faili huchaguliwa, na vipande vyote hupangwa kwenye skrini pamoja na nyakati zake kando ya video. Huu ndio wakati wa kuangalia sehemu ya mwanzo na ya mwisho kabla ya kubofya Publish.

Chaguo la Without timing ni la anayepakia maneno matupu yasiyo na nyakati. Mtambo wa YouTube husikiliza sauti na kujaribu kuyapanga maneno hayo wenyewe. YouTube yenyewe hueleza kwamba njia hii hufaa zaidi kwa video isiyozidi saa moja, yenye sauti safi na usemi unaosikika vizuri, na maneno lazima yawe katika lugha ileile inayosemwa. Tafsiri haiwezi kupangwa hivyo: mzungumzaji akisema Kimakonde na manukuu yakiwa ya Kiswahili, mtambo hauna cha kulinganisha. Faili ya tafsiri huja na nyakati zake, nazo zikikosewa hurekebishwa na mtu.

Makosa matatu ya muda

Kabla ya kurekebisha ni lazima kujua kosa ni la aina gani. Hilo hujulikana kwa kupima tofauti kati ya wakati ulioandikwa kwenye faili na wakati msemaji anapofungua kinywa kweli, mahali zaidi ya pamoja.

Aina ya kwanza ni ya tofauti isiyobadilika. Manukuu yanawahi kwa sekunde 8 mwanzoni, sekunde 8 katikati na sekunde 8 mwishoni. Mara nyingi sababu ni kwamba nembo au utangulizi umeongezwa mbele ya video baada ya manukuu kuandaliwa, au umekatwa. Dawa yake ni kusogeza vipande vyote kwa kiasi kilekile.

Aina ya pili ni ya tofauti inayokua. Dakika ya kwanza hakuna anayeona kasoro. Dakika ya kumi maneno yamewahi kidogo. Kufika mwisho, jibu linasomwa kabla swali halijaulizwa. Ni sawa na saa mbili zilizowekwa pamoja asubuhi, moja ikiwa inakimbia: kuirudisha nyuma inayokimbia huzipatanisha kwa muda tu, kisha zinaachana tena. Ndiyo maana anayejaribu kuponya kosa hili kwa kusogeza vipande vyote huhamisha tatizo tu. Akipatanisha mwisho, mwanzo unaharibika.

Aina ya tatu ni ya tofauti inayoruka. Manukuu yanakwenda sawa hadi dakika ya 14, ghafla yanachelewa kwa dakika mbili, kisha yanaendelea na uchelewaji uleule hadi mruko mwingine. Hii ni dalili kwamba kuna vipande vilivyokatwa kwenye video, kwa kawaida matangazo ya biashara yaliyokuwemo katika nakala ya televisheni iliyotumiwa kuandaa manukuu. Hapa husogezwa vipande vyote kuanzia pale penye mruko na kuendelea, kisha mruko unaofuata hushughulikiwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo vipimo viwili, kimoja karibu na mwanzo na kingine karibu na mwisho, hutenganisha aina ya kwanza na hizo mbili nyingine. Kipimo cha tatu cha katikati hutenganisha ya pili na ya tatu: tofauti ikiwa imekua kwa mwendo sawa, hilo ni kosa linalokua, ikiwa imeruka, kuna kilichokatwa.

Tofauti inayokua hutoka wapi

Chanzo chake kikubwa ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni za nchi zenye umeme wa mizunguko 50, zikiwemo za Afrika Mashariki na Ulaya, zilijengwa juu ya fremu 25. Njia nyepesi ya kuonyesha filamu kwenye televisheni hizo ilikuwa kuiendesha haraka kidogo, kila fremu ikihesabiwa kuwa moja ya 25 za sekunde badala ya moja ya 24. Filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96, na sauti hupanda kidogo kiasi ambacho wengi hawakitambui. Manukuu yaliyoandaliwa kwa kuangalia nakala hiyo hufuata saa yake, na yakiwekwa kwenye nakala ya mwendo wa asili, huwahi kwa dakika mbili na nusu katika kila saa moja ya nyakati zilizoandikwa kwenye faili.

Marekani ina chanzo chake. Mfumo wa televisheni ya rangi uliopitishwa huko mwaka 1953 ulishusha fremu 30 kuwa 29.97 ili mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti. Kutokana na hilo, filamu za fremu 24 zikaja kuendeshwa kwa 23.976 katika video, na namba hiyo bado imo kwenye kamera na programu nyingi za kuhariri. Tofauti kati ya 24 na 23.976 ni sehemu moja kwa elfu. Haionekani katika wimbo wa dakika nne, lakini kwa saa nzima hufikia sekunde 3.6, nazo zinatosha sentensi ya mtu mmoja kusomwa wakati mwingine ndiye anayeongea. Kosa hili huingia pale anayeandaa manukuu anaponakili nyakati zilizochapwa juu ya picha na programu ya kuhariri. Programu huhesabu fremu 24 kuwa sekunde moja, ilhali kwa mwendo wa 23.976 fremu hizo huchukua zaidi ya sekunde kidogo.

Ikumbukwe kwamba video ikibadilishwa kasi ya fremu kwa njia ya kawaida wakati wa kuitoa kwenye programu, urefu wake haubadiliki. Fremu huongezwa au hupunguzwa tu. Kinachovunja mpango ni mwendo wenyewe kubadilika, au fremu kuhesabiwa kwa kipimo kisicho chake.

Mfano mmoja kwa hesabu

Chukulia filamu ya makala inayozidi kidogo saa moja na dakika kumi, kuhusu mabaharia wa majahazi. Manukuu yake yaliandaliwa zamani kutoka kwenye nakala ya televisheni. Sasa filamu imepatikana katika nakala safi ya fremu 24, imeongezewa utangulizi mfupi na kupakiwa YouTube pamoja na faili ileile ya zamani. Watazamaji wanalalamika kwamba maneno yanawahi.

Kwanza hutafutwa mahali pa kupimia. Panapofaa ni pale msemaji anapoanza sentensi baada ya kimya, na ikiwezekana mdomo wake ukionekana, maana mwanzo wa neno baada ya kimya husikika wazi. Hapa panachaguliwa kipande cha nne kilichoonyeshwa juu. Faili inasema 00:01:12, ambazo ni sekunde 72. Msemaji anaanza kuzungumza dakika 1 na sekunde 23 za video, yaani sekunde 83. Tofauti ni sekunde 11.

Kisha huchaguliwa kipande cha karibu na mwisho. Faili inasema 01:06:00, yaani sekunde 3960. Kwenye video maneno hayo yanasikika saa 1, dakika 8 na sekunde 53, yaani sekunde 4133. Tofauti ni sekunde 173, karibu dakika tatu. Imekua kutoka 11 hadi 173, hivyo kusogeza peke yake hakutasaidia.

Sasa hupimwa umbali kati ya vituo hivyo viwili, mara moja kwa saa ya faili na mara moja kwa saa ya video:

```
faili:   3960 - 72 = 3888
video:   4133 - 83 = 4050
uwiano:  4050 / 3888 = 1.04167
```

Namba 1.04167 ni 25 kugawanya kwa 24. Chanzo kimejitaja chenyewe: nyakati zilitoka kwenye nakala ya fremu 25 na video ni ya fremu 24. Kilichobaki ni kujua kama kuna pia tofauti isiyobadilika. Sekunde 72 zikizidishwa kwa uwiano huo hupatikana 75, ilhali msemaji alianza sekunde ya 83. Zimebaki sekunde 8, ambazo ndizo urefu wa utangulizi ulioongezwa. Faili hii, basi, ilikuwa na makosa mawili kwa pamoja, na kanuni yake ni hii:

```
wakati mpya = wakati wa zamani x 25/24 + 8
```

Kipimo cha katikati huthibitisha. Kipande kilichoandikwa 00:34:00, yaani sekunde 2040, kwa kanuni hiyo kinapaswa kusikika sekunde ya 2133, ambayo ni dakika 35 na sekunde 33. Video ikipelekwa hapo na maneno yakasikika, hakuna mruko uliojificha njiani.

Vituo vya kupimia vinapaswa kuwa mbali kwa sababu ya msingi. Mtu anayebofya kwa kusikiliza hukosea kwa urahisi sehemu ya tatu ya sekunde. Vituo vikiachana kwa dakika tano tu, kosa hilo hubadilisha uwiano kwa takriban moja kwa elfu, na hapo haiwezekani kujua kama video ni ya fremu 24 au 23.976. Vikiachana kwa saa nzima, kosa lilelile halina uzito.

Kurekebisha kwa programu

Hakuna haja ya kuzidisha kila mstari kwa mkono. Subtitle Edit, programu ya bure inayotumika sana kwenye Windows, ina menyu ya Synchronization iliyo na zana zote zinazohitajika. Njia ya kwanza ni Point sync: huchaguliwa kipande cha karibu na mwanzo na kuandikiwa wakati wake wa kweli, huchaguliwa kingine cha karibu na mwisho na kuandikiwa wake, kisha programu hupanga vyote vya kati kwa uwiano. Njia hii huondoa makosa yote mawili kwa mpigo mmoja, na haihitaji kujua chanzo.

Njia ya pili hufuata chanzo kilichogunduliwa. Change frame rate hubadilisha kutoka 25 kwenda 24, halafu Adjust all times huchelewesha vipande vyote kwa sekunde 8. Mpangilio huu haugeuzwi. Sekunde 8 zikiongezwa kwanza, nazo zitazidishwa na kuwa 8.333, na faili nzima itachelewa kwa theluthi ya sekunde. Mwelekeo pia huangaliwa: baada ya hatua ya kwanza kipande cha nne kinapaswa kusoma 00:01:15,000. Kikisoma 00:01:09,120, namba mbili za fremu zimewekwa kinyume na kazi hutenguliwa. Baada ya hatua zote mbili, kipande hicho kinakuwa hivi:

```
4
00:01:23,000 --> 00:01:26,542
Tulitoka Bagamoyo alfajiri,
upepo ukiwa wa kusi.
```

Muda wa kipande kubaki kwenye skrini nao umerefuka kidogo, kutoka sekunde 3.4 hadi 3.542, jambo lililo sahihi kwa kuwa msemaji naye anaongea polepole zaidi katika nakala hii.

Kabla ya kupakia tena, faili mpya hujaribiwa kwa VLC pamoja na video iliyopo kwenye kompyuta. Katika VLC, herufi H huchelewesha manukuu na G huyawahisha, kila mbofyo kwa sehemu 50 za elfu za sekunde. Mibofyo hiyo haibadilishi faili. Ni ya kupimia tu. Ikiwa mibofyo miwili au mitatu inahitajika mwanzoni na idadi ileile mwishoni, umebaki msogezo mdogo wa kumalizia. Ikiwa idadi inatofautiana, uwiano bado haujakaa sawa, na vituo hupimwa upya.

Pale uwiano unapokataa

Kuna video ambazo vituo viwili hukubali lakini cha katikati hukataa, na hakuna tangazo lililokatwa. Nyingi ni za simu. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu. Huipandisha na kuishusha, hasa mwanga ukipungua. Programu ya kuhariri inayodhani kasi ni moja kwa muda wote huweza kuachanisha picha na sauti, na manukuu yaliyopangwa kwa kufuata hesabu yake hupotoka bila mpango. Tofauti ya namna hii haina namba moja ya kuzidishia. Dawa yake ni kuanzia nyuma: video hupitishwa kwenye programu kama HandBrake kwa chaguo la Constant Framerate, ndipo ihaririwe na kupangiwa manukuu. Ikiwa faili imeshaandaliwa, hugawanywa katika mafungu ya dakika chache na kila fungu kupimwa peke yake.

Dalili nyingine ni nyakati kuwa sawa huku vipande vya maneno vikiwa havilingani na mazungumzo. Hapo huenda faili ni ya toleo jingine la filamu, lililoongezwa au kupunguzwa matukio, na hakuna msogezo utakaoleta maneno ambayo hayamo.

Faili iliyokamilika huhifadhiwa kwa jina jipya, ili ya zamani ibaki kama msingi ikihitajika kurudia hesabu. Kwenye YouTube Studio manukuu ya zamani huondolewa na mapya hupakiwa kwa hatua zilezile, tena kwa With timing. Baada ya kuchapishwa, video huchezwa kwenye vituo vitatu vilivyotumika kupimia, kwa kompyuta na kwa simu. Maneno yakitokea pamoja na sauti katika vituo vyote vitatu, na hakuna mruko wala fungu lililopotoka kati yake, muda wa faili umekaa sawa.